Barua ya Keshia na Shimo la Siku Tano

Alibisha hodi saa mbili usiku, tukiwa tunamaliza kula. Ni kijana wa jirani yetu hapa Morogoro, nimemwona tangu akiwa anavaa kaptula ya shule. Alinisalimia shikamoo bila kuniangalia usoni, akakaa kwenye ukingo wa kiti, na mke wangu alipoondoa vyombo akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mjomba, naomba unisomee kabla sijaipeleka kazini," akasema.

Mimi ni mhasibu mstaafu. Barua za namna ile nimezisoma nyingi, na nilipofika mstari wa tatu nilishajua yatakayofuata. Ilianza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu," ikapita kwenye "shetani alinipitia," ikataja kiasi cha "kama milioni moja na laki tatu hivi," kisha ikaahidi kulipa laki tatu kila mwezi "kuanzia mwezi huu bila kukosa." Katikati kulikuwa na sentensi aliyoipigia mstari kwa kalamu nyekundu: nia yake tangu mwanzo ilikuwa kuzirudisha.

Nimeombwa mara kadhaa nieleze barua ya kukiri inavyoandikwa, na nimeona ni heri nieleze hii moja kwa kirefu. Mwenyewe ameniruhusu, na nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha.

Alikuwa keshia wa duka la vifaa vya ujenzi. Alipokea fedha za saruji, mabati na misumari, akatoa risiti za mashine ya EFD, na jioni mashine ikatoa ripoti ya Z inayoonyesha jumla ya mauzo ya siku hiyo. Asubuhi ya pili alitakiwa kupeleka benki kiasi kile kile na kubandika slipu ya benki kwenye ripoti. Kazi ni hiyo. Meneja naye kila mwisho wa mwezi alitazama ripoti na slipu, akiona 420,000 juu na 420,000 chini, anaweka tiki.

Ijumaa moja ya Januari alichukua 20,000 kwenye droo akaweka mkeka. Jumamosi mkeka ukachanika. Jumatatu akarudisha 20,000 kutoka mfukoni mwake kabla hajaenda benki, na hakuna aliyejua. Nilimwambia usiku ule kwamba siku iliyomponza ni hiyo Jumatatu. Kama angeshikwa, angekuwa na deni la elfu ishirini na aibu ya wiki moja. Hakushikwa, akajifunza kwamba droo inakopesha.

Tangu hapo ikawa hasara ya mkeka mmoja inafukuziwa na mkeka mwingine mkubwa zaidi. Alipenda mikeka ya mechi 10, kwa sababu elfu moja tu ilionekana kuweza kuzaa laki sita. Nilichukua kalamu tukaipigia hesabu. Tuchukue mechi ambayo kila upande una nafasi nusu kwa nusu. Odi ya haki ingekuwa 2.00, lakini kampuni inaweka, tuseme, 1.90, na hiyo tofauti ndiyo riziki yake. Kwenye mechi moja inaonekana ndogo, senti tano katika kila shilingi. Ukiunganisha mechi 10, nafasi ya kupatia zote ni mara moja katika 1,024, kwa hiyo malipo ya haki kwa elfu moja yangekuwa 1,024,000. Kwa odi za 1.90 utalipwa kama 613,000. Maana yake, hata bahati ikimwangukia, karibu asilimia 40 ya alichostahili imeshabaki kwa kampuni. Aliangalia zile namba muda mrefu. Nadhani hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba kadiri alivyoongeza mechi ndivyo alivyozidi kukatwa.

Sasa tuje kwenye duka, kwa maana barua nzuri inategemea mwandishi ajue hasa alichokifanya kwenye vitabu. Yeye alisema "nilichukua kidogokidogo." Hiyo ni nusu ya habari. Tuseme mauzo ya Jumatatu ni 420,000 na ametoa 60,000. Jumanne asubuhi anatakiwa kupeleka benki 420,000 lakini anazo 360,000. Anasubiri mpaka mchana, mauzo ya Jumanne yaingie, anachota 60,000 humo, anakamilisha 420,000 na kuzipeleka. Slipu inalingana na ripoti ya Z mpaka shilingi ya mwisho. Ila sasa pengo limehamia Jumanne, na litazibwa kwa fedha za Jumatano. Ni kuziba shimo kwa kuchimba shimo la jirani.

Uzuri wa mbinu hii kwa mwizi ni kwamba kiasi kinalingana siku zote. Ubaya wake ni kwamba tarehe hazilingani. Shimo likifikia mauzo ya siku nzima, benki inapelekewa leo fedha za juzi. Likifikia mauzo ya siku mbili, zinapelekwa za siku tatu zilizopita. Kwa hiyo meneja yeyote anaweza kukadiria ukubwa wa shimo bila kuhesabu droo: aangalie slipu imechelewa siku ngapi nyuma ya ripoti yake, aondoe ile siku moja ya kawaida, azidishe zilizobaki na wastani wa mauzo ya siku. Duka lile liliuza kama 400,000 kwa siku kwa fedha taslimu. Nilimuuliza kijana, "Leo asubuhi umepeleka benki fedha za lini?" Akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Zilikuwa zimechelewa karibu siku tano.

"Basi siyo milioni moja na laki tatu," nikamwambia. "Hebu jumlisha tena."

Dalili nyingine ni ya kibinadamu. Keshia wa namna hii haendi likizo. Anakuja kazini akiwa na malaria, anakataa kupokewa zamu hata siku moja, kwa kuwa atakayeshika droo kesho atakuta fedha za leo hazipo. Kijana huyu alikuwa amesifiwa mwezi Machi kwa bidii, na alinieleza kwamba sifa zile zilimuuma kuliko kitu kingine chochote.

Alirudi baada ya siku mbili na daftari. Alikuwa ameweka ripoti za Z upande mmoja, tarehe za slipu upande wa pili, na taarifa ya miamala ya simu yake upande wa tatu, ile inayoonyesha kila shilingi iliyokwenda kampuni ya kubeti na saa iliyokwenda. Januari 310,000. Februari 655,000. Machi 1,025,000. Jumla 1,990,000. Februari tarehe 21 alishinda kidogo akarudisha 150,000. Zilizobaki 1,840,000. Kumbukumbu yake ilikuwa imempunguzia 540,000, na sikudhani kwamba alinidanganya. Mtu anayebeti anakumbuka vizuri alichoshinda, na alichopoteza anakikumbuka kwa ujumla tu. Lakini fikiria barua ile ya kwanza ingefika: amekiri 1,300,000, kesho yake meneja anakuta 1,840,000. Kwa meneja, huyo amekiri nusu na kuficha nusu, na hakuna maneno yatakayomtoa kwenye fikra hiyo.

Ndipo tukafika kwenye sentensi ya wino mwekundu. Kila barua niliyowahi kusoma ya aina hii inayo: nilikusudia kurudisha. Mwandishi anaamini kwamba hapo ndipo utetezi wake ulipo. Sheria ya Tanzania inasema kinyume, na inasema waziwazi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 258, inaeleza nia zinazofanya kuchukua mali kuwa wizi, na kwa upande wa fedha inataja hiyo hiyo: kuzichukua kwa nia ya kuzitumia utakavyo, hata kama ulikusudia kumrudishia mwenyewe baadaye. Sheria ya Kenya ina maneno ya namna hiyo hiyo kwenye kifungu cha 268. Sababu yake inaeleweka ukiitafakari. Noti hazina majina, na aliyezitumia hawezi kurudisha zile alizochukua. Anarudisha nyingine akizipata. Wakati zikiwa kwenye mkeka, anayebeba hatari ni mwenye duka, naye hakuulizwa. Wizi wa karani au mtumishi kwa mwajiri wake una kifungu chake kabisa, cha 271.

Nilimweleza haya ili ajue anachotia saini. Barua iliyoandikwa kwa hiari, kwa mkono wake, inaweza kuwekwa mezani kwenye kikao cha nidhamu, na inaweza pia kufika mahakamani. Nilimshauri amwone wakili kabla ya kuipeleka, akaenda kwa mmoja akalipa elfu thelathini ya ushauri. Aliporudi msimamo wake ulikuwa ule ule: ataipeleka. Ila ile sentensi aliifuta mwenyewe. Aliifuta pia nyingine iliyosema atalipa "ili jambo hili lisifike polisi." Malipo hayanunui ukimya. Sheria hairuhusu kupatana kuficha kosa la jinai kwa malipo, na sentensi ya namna hiyo inamtia meneja mtegoni, aonekane amehongwa kwa fedha zake mwenyewe.

Kilichobaki kilikuwa mpango wa kulipa, na hapa ndipo wengi wanaharibu kwa wema. Mshahara wake ulikuwa 600,000. Ukitoa mchango wa NSSF na kodi, mkononi anabaki na kama 516,000. Aliahidi laki tatu kwa mwezi. Abaki na 216,000, na humo kuna kodi ya chumba 80,000, chakula, nauli, na mama yake anayemtegemea. Mwezi wa kwanza angelipa. Mwezi wa pili angekopa kausha damu ili alipe. Mwezi wa tatu droo ingemwita tena. Meneja mwenye akili anaiona ahadi ile na kuelewa kwamba mtu huyu bado anabeti, sasa anabeti na mshahara.

Tena sheria ina mpaka wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara anavyopenda. Mfanyakazi lazima akubali kwa maandishi. Mwajiri lazima amweleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na lilivyohesabiwa, na ampe nafasi ya kulipinga. Makato yote kwa pamoja yasizidi hasara yenyewe, wala yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Robo ya 600,000 ni 150,000. Hiyo ndiyo namba iliyotakiwa kuwa kwenye barua, kwani ahadi iliyo juu yake hata meneja akiikubali inamletea matatizo.

Kwa malipo ya kwanza aliuza simu janja yake kwa 240,000, na akatoa hisa zake za VICOBA, 400,000. Zikawa 640,000. Niliuliza mara mbili kama hakuna hata shilingi ya mkopo humo. Hakuna. Salio likawa 1,200,000, yaani miezi 8 ya 150,000. Hesabu imenyooka, mtoto wa darasa la nne anaweza kuihakiki.

Wakili ndiye aliyegundua pengo moja tuliloliacha. Makato ya mshahara yanahitaji mshahara. Je, wakimwachisha? Na hilo lilikuwa na uwezekano mkubwa, maana Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zile za Tangazo la Serikali Namba 42, zinataja kukosa uaminifu kwa kiwango kikubwa miongoni mwa makosa yanayoweza kuhalalisha kuachishwa kazi hata kwa kosa la kwanza. Kulipa deni hakufuti hilo. Ikaongezwa sentensi.

Barua iliyopelekwa ilikuwa hivi, nikiacha majina na anwani:

12 Aprili

YAH: KUKIRI KUTUMIA FEDHA ZA MAUZO NA PENDEKEZO LA KUZIREJESHA

Ndugu Meneja,

Kati ya tarehe 6 Januari na 18 Machi nilichukua fedha taslimu za mauzo ya duka bila ruhusa yako, nikazitumia kubeti mechi za mpira kwa simu yangu. Nilichukua jumla ya shilingi 1,990,000: Januari 310,000, Februari 655,000 na Machi 1,025,000. Tarehe 21 Februari nilirudisha 150,000. Ninazodaiwa ni shilingi 1,840,000. Orodha ya tarehe na kiasi cha kila siku nimeiambatisha, pamoja na taarifa ya miamala ya simu yangu.

Nilificha upungufu huo kwa kukamilisha fedha za benki za siku moja kwa mauzo ya siku zilizofuata. Ndiyo sababu slipu za benki zimechelewa nyuma ya ripoti za Z kwa karibu siku tano. Hakuna mfanyakazi mwenzangu aliyeshiriki wala aliyejua.

Leo naleta shilingi 640,000 taslimu na naomba stakabadhi yake. Salio la 1,200,000 napendekeza likatwe kwenye mshahara wangu, 150,000 kila mwezi kwa miezi 8 kuanzia mshahara wa Aprili, na niko tayari kutia saini makubaliano hayo baada ya wewe kuhakiki hesabu. Endapo ajira yangu itasitishwa, nitalipa 70,000 kila mwezi kwa kuweka kwenye akaunti ya benki ya duka hadi deni liishe.

Naomba nisishike fedha kuanzia leo. Funguo za droo nazikabidhi pamoja na barua hii. Akaunti yangu ya kubeti niliomba ifungwe tarehe 7 Aprili na imefungwa.

Uliniamini, nami nikaitumia imani hiyo kukuibia. Naomba radhi. Hatua utakayochukua ni uamuzi wako.

(Saini)

Neno "kukuibia" aliliweka yeye. Mimi nilikuwa nimependekeza jingine laini zaidi, naye akasema kwamba kama ataandika barua nzima halafu asiliandike hilo, atakuwa bado hajaandika. Nilimwachia. Alitengeneza nakala mbili, na meneja akatia saini na tarehe kwenye ya pili kuonyesha ameipokea. Nakala hiyo ni muhimu kwa mtoaji: inathibitisha kwamba alikuja mwenyewe, siku gani, na fedha kiasi gani mkononi.

Alinisimulia kilichotokea ofisini. Meneja aliisoma amesimama. Akakaa, akaisoma tena. Hakupiga kelele. Alimwita msaidizi wa stoo, akaagiza majalada ya miezi mitatu, akachukua penseli na ile orodha, akaanza kuweka tiki mstari baada ya mstari, ripoti ya Z, slipu, orodha. Ilichukua saa mbili na nusu. Kijana alikuwa kwenye kiti cha mbao muda wote, hakuambiwa atoke wala asemeshwe. Mwisho meneja aliweka penseli chini akasema, "Zimetimia." Basi.

Kikao cha nidhamu kilifanyika wiki iliyofuata. Alipewa taarifa ya tuhuma kwa maandishi na zaidi ya saa 48 za kujiandaa, akaja na mfanyakazi mwenzake kama kanuni zinavyoruhusu. Aliachishwa kazi. Nasema hivyo wazi kwa sababu nimewahi kusikia watu wakishauriwa kwamba barua nzuri inaokoa ajira. Kwa mtu aliyeshika fedha, mara nyingi haiokoi, na sioni kwamba meneja yule alikosea. Angemrudishaje kwenye droo? Wangemtafutia nafasi gani nyingine kwenye duka la watu sita? Alichopata ni kwamba mwenye duka, alipoona orodha imetimia na laki sita na arobaini ziko mezani, hakwenda polisi. Haki ya kwenda alikuwa nayo, na hakuna aliyemfunga mdomo.

Kulikuwa na malipo ya likizo ambayo hakuwa ameichukua, likizo ile ile aliyoikimbia, 220,000. Alikubali kwa maandishi yaingie kwenye deni. Pasipo saini yake duka lisingeweza kuyameza tu. Likabaki deni la 980,000, kwa 70,000 kila mwezi.

Alipata kazi ya kupakia mchanga kwenye malori, baadaye akawa anapima mbao kwenye karakana ya seremala, mahali ambapo hashiki fedha. Miezi miwili aliweka 70,000 siku ya mwisho kabisa ya mwezi, na mmoja alichelewa siku nne. Alimpigia meneja kabla ya tarehe kumweleza. Kubeti aliteleza mara moja, mwezi wa tano, kwa laini ya ndugu yake, elfu tano. Alikuja kuniambia usiku ule ule, na tangu hapo simu yake ya kutumia ikawa ya vitufe.

Juni ya mwaka uliofuata alibisha hodi tena, saa mbili usiku. Safari hii alikuja na bahasha ya kaki. Ndani kulikuwa na stakabadhi ya 640,000, karatasi ya makubaliano ya 220,000, na slipu za benki 14 alizozipanga kwa tarehe na kuzibana kwa kibanio. Akazitandaza mezani kwangu, akanisogezea kikokotoo.

"Mjomba," akasema, "hebu jumlisha tena."